Dagaa wote, mitumbwi mingine: kwa nini vivumishi vya pekee havifuati njia moja

Chukua tangazo la namna hii, la kubandikwa ukutani kwenye mwalo wowote wa Kigoma:

"Mvuvi yoyote atakayeuza dagaa kabla ya kupima atatozwa faini. Mizigo zote zipimwe kwenye mizani ya mwalo. Mitumbwi zingine zisizo na namba hazitaruhusiwa kupakua. Mwenye chombo aje yeye mwenyewe, na mtumbwi mwenyewe ukaguliwe. Dagaa zote zitakazokamatwa zitapigwa mnada."

Kila mvuvi ataelewa anachoambiwa. Lakini kuna makosa matano humo, na yote yako kwenye maneno ya kundi moja: -ote, -o-ote, -enyewe na -ingine, ambayo pamoja na -enye vitabu vya sarufi huyaita vivumishi vya pekee. Wanafunzi wengi hukariri majedwali yake usiku wa kuamkia mtihani na kuyasahau wiki inayofuata. Nadhani sababu ni kwamba wanafundishwa maneno haya kana kwamba yote yanapokea viambishi vya aina moja. Sivyo. Moja kati yake, -ingine, limesimama upande mwingine kabisa, na ukishajua hilo sehemu kubwa ya ugumu inaisha.

Tuanze na majina ya ngeli zenyewe. Shuleni ngeli hupangwa kwa njia mbili. Njia ya zamani hutazama umbo la nomino: M-WA, M-MI, JI-MA, KI-VI, N. Njia ya siku hizi hutazama kiambishi ambacho nomino inakipa kitenzi: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI, U-ZI na kuendelea. Mtumbwi umefika, mitumbwi imefika, kwa hiyo U-I. Ziwa limechafuka, maziwa yamechafuka, kwa hiyo LI-YA. Walimu wamebishana sana kuhusu njia ipi ni bora. Kwa vivumishi vya pekee unazihitaji zote mbili, kwa sababu -ote, -enye na -enyewe hufuata njia ya kitenzi, na -ingine hufuata njia ya nomino, ileile inayofuatwa na vivumishi vya sifa kama -zuri na -ingi.

Upande wa kitenzi ni mwepesi. Chukua jina la ngeli, weka -ote mbele yake, kisha sauti zikutane. U na ote huwa wote: mtumbwi wote. I na ote huwa yote: mitumbwi yote. Li hupoteza irabu yake, tukapata ziwa lote. Ki na vi hugeuka: chombo chote, vyombo vyote. Zi hupoteza i: boti zote. Ya na wa huacha a yao: mawese yote, wavuvi wote. Ku na pa hutoa kote na pote. Ndiyo maana "mizigo zote" ni kosa. Mzigo umepimwa, mizigo imepimwa, hakuna zi popote pale. Hiyo zote imevamia kutoka ngeli ya I-ZI, ambayo ina nomino nyingi kiasi kwamba sikio huzoea kusikia zi kila wingi unapotajwa.

Kuna kipimo ambacho mzungumzaji yeyote anaweza kukitumia bila kukumbuka jina la ngeli hata moja. Itaje nomino pamoja na neno la kumiliki: mzigo wa nani, mizigo ya nani, ziwa la nani, vyombo vya nani, boti za nani. Ondoa a ya mwisho, weka -ote: wote, yote, lote, vyote, zote. Weka -enye au -enyewe badala yake na kwa vitu kipimo hakitikisiki: mizigo yenye namba, ziwa lenyewe, vyombo vyenyewe.

Kwa kipimo hicho tangazo letu linajihukumu lenyewe kwenye sentensi ya mwisho. Kigoma, na hata Dar es Salaam wanakopelekwa, jina lililozoeleka si "dagaa za Kigoma". Ni dagaa wa Kigoma. Basi ni dagaa wote, dagaa wenyewe, dagaa wowote, na watapigwa mnada. Dagaa ni kiumbe, na kiumbe huvutwa na ngeli ya A-WA hata umbo la jina lake likiwa la ngeli nyingine. Kiongozi ana ki lakini ni kiongozi yeyote, si chochote. Mgebuka na migebuka wana umbo la mti na miti, lakini ni migebuka wote. Hapa nikiri kwamba kipimo cha sikio huyumba kidogo, kwa sababu sokoni utasikia "migebuka ya kukaanga" kutwa nzima. Samaki akishaingia kwenye sufuria watu huanza kumhesabu kama kitu. Kiswahili sanifu hakimruhusu kubadilika: anabaki kiumbe kwenye wavu, kwenye gunia na kwenye sahani. Neno linaloruhusiwa kubadilika ni nyama, kwa kuwa lina maana mbili: nyama wote ni wanyama, nyama yote ni kitoweo.

Kipimo hicho kina mahali pengine kinapokwama, nako ni kwenye majina ya ukoo na urafiki. Tunasema ndugu zangu, rafiki yangu, mama yetu, kana kwamba ni wa I-ZI. Lakini mvuto huo unaishia kwenye vimilikishi. Maneno mengine yote humwona mtu: ndugu zangu wote, rafiki yeyote, mama mwenyewe. Katika "ndugu zangu wote" ngeli mbili zimekaa bega kwa bega kwenye kirai kimoja, na ni sahihi kabisa.

Kabla ya kuondoka kwenye -ote kuna jambo la maana, si la umbo tu. Pamoja na umoja, -ote hueleza ukamilifu wa kitu kimoja. Pamoja na wingi, hueleza idadi bila kubakiza hata kimoja. "Pima mzigo wote" ni amri ya kutobakiza kilo hata moja ya mzigo ulio mbele yako. "Pima mizigo yote" ni amri ya kutoruka gunia hata moja. Na "pima mzigo wowote" ni jambo la tatu: chagua upendao, hakuna tofauti. Silabi moja tu inatenganisha wote na wowote, lakini karani wa mizani aliyeambiwa la kwanza akafanya la pili atakuwa amepima gunia moja akaenda zake nyumbani.

Hiyo -o-ote ndiyo iliyozaa kosa la kwanza kwenye tangazo, "mvuvi yoyote". Ukifungua maandishi ya zamani utaona neno hili likiandikwa vipande viwili: ye yote, lo lote, cho chote, po pote. Mwandiko huo ulionyesha muundo wake waziwazi. Kipande cha kwanza ni kile kirejeshi cha o tunachokitia ndani ya vitenzi, na kipande cha pili ni -ote. Ziwa li-lilo-chafuka lina lo, kwa hiyo lo-lote. Chombo ki-licho-zama kina cho, kwa hiyo cho-chote. Boti zi-lizo-fika zina zo, kwa hiyo zo-zote. Sasa mtu mmoja ana kirejeshi gani? Tunasema mvuvi aliyefika, anayeuza, atakayelipa. Ni ye, si yo. Ngeli nzima za Kiswahili hutumia o katika nafasi hiyo isipokuwa mtu mmoja, au kiumbe mmoja, ambaye hutumia ye. Kwa hiyo ni mvuvi yeyote, mgebuka yeyote, kiongozi yeyote. Yoyote hubaki kwa vitu vyenye yo: boti iliyofika, mitumbwi iliyofika, mawese yaliyofika.

Tazama tena sentensi ya tangazo: "Mvuvi yoyote atakayeuza." Mwandishi aliyekosea neno la pili amelipatia neno la tatu. Ye sahihi imekaa ndani ya kitenzi, hatua moja tu kutoka kwenye yo isiyo sahihi. Hakuna mzungumzaji atakayesema "mvuvi atakayouza", hata mtoto hasemi. Ndiyo maana naona hakuna haja ya kukariri jedwali la -o-ote hata kidogo. Tunga kitenzi chenye kirejeshi, usikilize unachokisema, kisha ukirudie kabla ya -ote.

Kwa watu wa mkoa huu kuna ushahidi mwingine ulio karibu. Kirundi, kinachosikika kila siku sokoni na vituoni Kigoma, kina neno la asili moja na -ote yetu: abantu bose ni watu wote, ibintu vyose ni vitu vyote. Lakini kwa mtu mmoja o inaondoka na e inaingia: umuntu wese. Anayezungumza Kirundi, au Kiha kilicho ndugu yake wa karibu, hatashangaa kwamba hata Kiswahili kimemwekea mtu mmoja irabu ya peke yake. Ni tabia ya kale ya lugha hizi.

Nafsi nazo zina lao. Wengi wetu tukisema kwa pamoja ni sisi sote, tukiwaambia wengine ni ninyi nyote. "Sisi wote" na "ninyi wote" husikika sana na hakuna anayekwama kuzielewa. Lakini -enyewe haitambui nafsi hata kidogo, inatambua umoja na wingi tu: mimi mwenyewe, wewe mwenyewe, yeye mwenyewe, sisi wenyewe, ninyi wenyewe, wao wenyewe.

Sasa tuvuke upande wa pili, kwenye -ingine. Hapa a inapokutana na i huzaa e, kwa hiyo wa-ingine huwa wengine, ma-ingine huwa mengine, pa-ingine huwa pengine. M huwa mw: mvuvi mwingine, mtumbwi mwingine, wavu mwingine. Mi, ki na vi humeza i moja: mitumbwi mingine, chombo kingine, vyombo vingine. Ngeli ya N hutoa nyingine. Ukitafuta kipimo cha sikio, tumia -ingi, ambalo ni ndugu yake kwa sauti na kwa ngeli: wavuvi wengi na wengine, mitumbwi mingi na mingine, mawese mengi na mengine, vyombo vingi na vingine, boti nyingi na nyingine. Asiyesema "mitumbwi zingi" asiseme "mitumbwi zingine".

Tofauti ya pande hizi mbili huonekana vizuri ukiweka nomino moja kati yake. Mtumbwi wote, mtumbwi wenye namba, mtumbwi wenyewe, lakini mtumbwi mwingine. Anayekisia kwa kufuata mwingine ndiye huandika "mtumbwi mwenyewe", kama tangazo letu. Mwenyewe yenye mw ni ya mtu au kiumbe mmoja, na ile ya ndani ya kitu kama mtumbwini. Hata katika A-WA mw hiyo ni upekee, kwa maana ukifuata kitenzi ungetarajia a. Ukiiandika mwenyewe baada ya mtumbwi, msomaji anaweza kumtafuta mmiliki, kwa sababu mwenyewe likisimama peke yake ndilo tunalolitumia kumtaja mwenye mali: "mwenyewe hayupo, rudi jioni." Kwa kazi ya ukaguzi tofauti hiyo ina uzito. "Mwenyewe akaguliwe" ni kumpekua mtu. "Wenyewe ukaguliwe" ni kukagua mbao, injini na namba.

Na tazama jinsi pande hizi zinavyosaidiana. Michikichi yote, mawese yote, boti yote: -ote imezifanya nomino za ngeli tatu zifanane, ingawa yo moja imetoka kwenye ya na mbili zimetoka kwenye i. Weka -ingine na zinaachana mara moja: michikichi mingine, mawese mengine, boti nyingine. Kinyume chake, boti moja na boti kumi zinafanana mbele ya -ingine, boti nyingine na boti nyingine, lakini -ote inazitenga: boti yote, boti zote.

Hapo ndipo "zingine" ilipozaliwa. Ukisema "boti nyingine imefika" na "boti nyingine zimefika", kitenzi kinakuokoa. Ukisema "naomba boti nyingine", hakuna kitu kinachomwambia msikilizaji kama unataka moja au tatu. Nomino haibadiliki, kivumishi hakibadiliki, na kitenzi kinamhusu anayeomba. Watu wameziba pengo hilo kwa kuazima zi ya kitenzi: boti zingine, nyumba zingine, siku zingine. Si uvivu. Ni -ingine kuvutwa kutoka upande wa nomino kwenda upande wa wenzake, na mvuto huo una mfano uliokwisha kukubalika. Kwa kufuata umbo la nomino, ngeli ya ziwa ingetoa jingine, kama jambo jema na jicho jekundu. Jingine lipo na ni zuri. Lakini magazeti, vitabu na walimu wanaandika lingine bila kusita, na hiyo li ni ya kitenzi. Ziwa lingine limepita mlango uleule ambao boti zingine inaubisha.

Msimamo wangu ni huu. Kwenye mtihani, muhtasari wa kikao, gazeti au tangazo la serikali ya kijiji, andika nyingine, kwa kuwa ndiyo sanifu na ndiyo isiyomkwaza msomaji yeyote. Kwenye mazungumzo, sioni sababu ya kumkatiza mtu aliyesema "boti zingine", maana ngeli yake ina zi kweli na amesema jambo ambalo nyingine haliwezi kulisema. "Mitumbwi zingine" ni suala jingine kabisa. Hapo zi haina kwao. Mitumbwi ina i kwenye kitenzi na mi kwenye kivumishi, na haina pengo la kuzibwa, kwa sababu mwingine na mingine zimekwisha kutenga umoja na wingi. Kosa hilo lisahihishwe popote linaposikika. Nasema hivyo pia kuhusu "ingine" tupu iliyoanza kusambaa, boti ingine, nyavu ingine, ambayo imepoteza kiambishi bila kumpa msikilizaji chochote badala yake.

Kiswahili sanifu kina neno linaloirudisha zi kwa heshima zote, nalo ni -ingineo. Huanza kwa kiambishi cha upande wa nomino na kuishia kwa kirejeshi cha upande wa kitenzi: wengineo, mengineyo, vinginevyo, nyinginezo. Katika "boti nyinginezo" wingi umewekwa mkiani. Ila maana yake imebanwa zaidi. Hutaja vilivyobaki vya aina hiyo baada ya vingine kutajwa, kama "mitumbwi, boti za injini na vyombo vinginevyo". Huwezi kuomba boti nyinginezo kama unataka tu mbili za ziada.

Mahali nitapapitia haraka. Nomino ikipata -ni inaacha ngeli yake na kuingia ya mahali. Ziwa lote, lakini ziwani kote. Mtumbwi wote, lakini mtumbwini mote, yaani ndani kila pembe. Upande wa -ingine ni mahali pengine, ziwani kwingine. Pengine nayo imepata kazi ya pili ya kumaanisha huenda, kwa hiyo ukitaka kutaja mahali usiiache peke yake mwanzoni mwa sentensi.

Limebaki jambo ambalo upatanisho ukiwa sahihi kabisa bado linaweza kuleta ugomvi mwaloni, nalo ni ukanushi. Karani akiandika "Mitumbwi yote haitapakua leo", wengi watasoma kwamba hakuna hata mmoja. Lakini mwenye mtumbwi aliyewahi kupanga foleni anaweza kudai kwamba ametafsiri "si yote", na kwamba wake ni miongoni mwa inayoruhusiwa. Kiswahili kina sentensi mbili zisizobishaniwa. Kama hakuna hata mmoja, -o-ote ndiyo yenye kazi hiyo: "Hakuna mtumbwi wowote utakaopakua leo." Kama baadhi itaruhusiwa, kanusha -ote yenyewe kabla ya kufika kwenye kitenzi: "Si mitumbwi yote itakayopakua leo." Halafu tangazo letu lote lisomeke hivi:

"Mvuvi yeyote atakayeuza dagaa kabla ya kupima atatozwa faini. Mizigo yote ipimwe kwenye mizani ya mwalo. Mitumbwi mingine isiyo na namba haitaruhusiwa kupakua. Mwenye chombo aje yeye mwenyewe, na mtumbwi wenyewe ukaguliwe. Dagaa wote watakaokamatwa watapigwa mnada."

Hiyo "mingine" katika sentensi ya tatu sasa ina upatanisho sahihi, lakini swali la maana bado lipo: mingine mbali na ipi? Hakuna mitumbwi iliyotajwa kabla yake. Kama nia ni kuzuia kila mtumbwi usio na namba, ningeifuta na kuandika "Mtumbwi wowote usio na namba hautaruhusiwa kupakua."